Kwa nini rido yenye upana wa dirisha haitoshi?

"Dirisha langu lina mita moja na nusu, nikanunua rido ya mita moja na nusu. Mbona imekaa kama shuka lililoanikwa, na mwanga unapenya pande zote mbili?"

Kwa sababu rido haipimwi kwa dirisha. Inapimwa kwa chuma inachoning'inia, na chuma chenyewe lazima kilipite dirisha. Hesabu inaanzia ukutani, kabla ya kwenda kwa muuza vitambaa.

Tuchukue dirisha hilohilo la sm 150, katika nyumba ya mbao kama zilivyo nyingi hapa Goma. Pima uwazi wake juu, katikati na chini, maana fremu za mbao hupinda, kisha ushike kipimo kikubwa. Ongeza sm 20 kila upande: 150 + 40 = 190. Huo ndio urefu wa chuma, bila kuhesabu vile vichwa vya mapambo vya mwishoni. Mchana ukifungua rido, kitambaa hujikusanya kwenye hizo sm 20. Kikikosa ukuta wa kukaa, kinakula dirisha. Usiku, sm hizohizo ndizo zinazoziba mwanga wa taa ya jirani.

Kwenye nyumba ya mbao kuna jambo moja la kuangalia. Ubao mwembamba wa ukuta haushiki skrubu kwa muda mrefu, hivyo tafuta mhimili uliosimama nyuma yake. Mara nyingi huo ndio utakaoamua kama utaongeza sm 20 au 26. Funga chuma kwanza, ukipime kikiwa mahali pake, ndipo uende kununua kitambaa.

Sasa vipande viwili vya rido vinapaswa kupishana katikati, la sivyo pale vinapokutana hubaki ufa wa mwanga. Sm 10 zinatosha, kila kipande kikitoa 5. Kwa hiyo upana wa kufunika ni 190 + 10 = sm 200. Chuma chembamba cha urefu huo hulegea katikati, na watu wengi hukiongezea kishikio cha tatu. Lakini pete haivuki kishikio. Mimi ningenunua bomba nene kidogo lisilohitaji kishikio hicho.

Shuka lako limetoka kwenye hatua inayofuata. Kitambaa chenye upana sawasawa na chuma, ukikifunga hunyooka kabisa. Ili marinda yabaki hata rido ikiwa imefungwa, kitambaa lazima kizidi. Kwa kitambaa cha kawaida, zidisha kwa 2. Kizito sana huridhika na 1.5, na chepesi kinachoonyesha nje hutaka 2.5 au hata 3. Sisi tunachukua 2: 200 × 2 = sm 400. Pindo za pembeni ni nne, kila moja inakula sm 5, basi tunafika 420.

Hapa ndipo wengi hupotea. Hizo sm 420 si mita unazomwambia muuzaji akate. Kitambaa kikiwa na upana wa sm 140 kwenye robota, 420 ÷ 140 = 3, yaani unahitaji mikato mitatu ya urefu wa rido. Ikiwa kutoka chumani hadi sakafuni ni sm 210, na upindo wa juu na chini ni sm 25, kila mkato ni sm 235. Mara tatu: mita 7 na sm 5. Mkato mmoja hupasuliwa katikati kwa urefu, na kila kipande cha rido kinapata mkato mmoja na nusu. Nusu hiyo ikae upande wa ukutani, mshono usionekane. Mishono miwili itakula sm 6 hivi, na marinda yatashuka hadi mara 1.97, tofauti ambayo jicho halitaiona. Hesabu ikikupa 2.8, panda hadi 3. Ukishuka hadi 2 utarudi kwenye shuka.

Ukikuta kitambaa chepesi chenye upana wa sm 280, mambo ni rahisi zaidi. Kinalazwa ubavu, upana wake unakuwa urefu wa rido, nawe unakata mita 4 na sm 20 bila mshono wowote. Angalia tu maua yake yasije yakalala.

Kwa fundi limebaki neno moja. Kama rido ni ya matundu yenye pete za chuma, idadi ya pete kwa kila kipande iwe shufwa: kwa kipande hiki 12 zinafaa, kila sm 17 hivi, ya kwanza na ya mwisho zikiwa sm 5 kutoka ukingoni. Akiweka 11 au 13, ukingo mmoja utageukia ukutani na mwingine utachomoza chumbani.