Faranga ya Uswisi na ahadi ya 1.20: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kiwango cha kubadilisha fedha kilichofungwa hakina hatari, maana benki kuu inakilinda.

Hatari ipo, ila haionekani kwenye chati. Tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu yuro moja ishuke chini ya faranga 1.20, yaani ilizuia faranga isipande kupita hapo. Kwa zaidi ya miaka mitatu ilitimiza ahadi hiyo kwa kutoa faranga mpya na kununua yuro. Wengi wakanunua yuro karibu na 1.20, wakijua chini haiendi. Tarehe 12 Januari 2015 makamu mwenyekiti wa benki hiyo alisema kiwango hicho kinabaki kuwa nguzo ya sera yao. Siku tatu baadaye kikaondolewa ghafla, na katika dakika chache yuro ikawa chini ya faranga moja.

Benki hiyo haikuishiwa fedha, kwa kuwa faranga ni zake mwenyewe. Ilichokwepa ni kuendelea kurundika yuro zinazopoteza thamani. Anayeishiwa ni yule anayezuia sarafu yake isishuke, kwa sababu hutumia akiba ya fedha za kigeni. Ndivyo Uingereza ilivyoshindwa kuilinda pauni yake tarehe 16 Septemba 1992.

Dhana: Nikiweka oda ya kuzuia hasara, nimekingwa.

Oda hiyo haiahidi bei. Soko likifika pale ulipoweka, inageuka kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo. Tuseme una faranga 500 kwa dalali, mkopo wa 1:100, yaani kila faranga yako inashika biashara ya faranga 100, na umenunua yuro 10,000 kwa 1.2010. Dhamana inayoshikiliwa ni faranga 120 tu. Umeweka oda kwenye 1.1990, hivyo unatarajia kupoteza faranga 20. Siku ile wanunuzi walitoweka. Ukiuziwa kwa 1.0000, hasara ni faranga 2,010: akaunti imekwisha na unadaiwa 1,510. Kwa hiyo, kabla ya kugusa sarafu iliyofungwa, soma mkataba uone kama dalali anakinga salio lisiwe hasi, kisha pima ukubwa wa oda kana kwamba bei inaweza kuruka asilimia 20 kwa mkupuo. Bei inayong'ang'ania ukingo kwa wiki kadhaa, kama 1.2010 ilivyokuwa, ni dalili kwamba benki kuu inabeba mzigo wote.

Dhana: Sarafu inayoelea, yaani isiyofungwa, ndiyo hatari zaidi, na benki kuu haiigusi.

Huigusa. Benki kuu za Kenya na Tanzania huingia sokoni kununua au kuuza dola, ingawa shilingi zao zinaelea. Na mtikisiko wa kila siku si sawa na shimo. Usiku wa kura ya Brexit, Juni 2016, pauni ilishuka kutoka karibu dola 1.50 hadi karibu 1.32, lakini ilichukua saa kadhaa, na njiani walikuwepo wanunuzi. Aliyeweka oda ya kuzuia hasara kwenye 1.45 alikuwa na nafasi ya kutoka karibu na hapo.