Kugeuza picha ya swali la jiometri kuwa maelezo ya maandishi

Kuligeuza swali la jiometri lililopigwa picha kuwa maelezo ya maandishi ni kuandika kwa sentensi kamili kila jambo ambalo mchoro unalitoa: urefu uliotajwa, pembe zilizotajwa, na uhusiano uliopo kati ya nukta, mistari na maduara. Kipimo cha kazi hiyo ni kimoja tu. Mtu ambaye hajaiona picha awe na uwezo wa kulichora umbo lile lile na kulifanya swali bila kulazimika kuuliza chochote. Ndivyo anavyohitaji mwanafunzi asiyeona anayesomewa swali na simu yake, na ndivyo anavyohitaji mwalimu aliyetumiwa picha yenye ukungu usiku wa kuamkia mtihani.

Wengi wanapoifanya kazi hii hunakili namba na kuishia hapo, ilhali namba ndiyo sehemu rahisi. Kinachopotea ni mambo ambayo jicho huyaona papo hapo bila mtu kujua kwamba ameyaona, kwa mfano kwamba nukta tatu ziko katika mstari mmoja, au kwamba nukta fulani iko kati ya nyingine mbili.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Karatasi iliyopigwa picha ina maneno haya: “Katika mchoro, PA ni tanjenti ya duara lenye kitovu O. Tafuta nusukipenyo cha duara na ukubwa wa pembe x.” Chini yake kuna duara. Nukta P iko nje, upande wa kushoto, na kutoka hapo mstari mmoja unapanda hadi kuligusa duara katika A, na mwingine unaingia ndani ya duara katika B, unapita O na kutokea upande wa pili katika C. A imeunganishwa na O, na pia na C. Pembeni mwa PA imeandikwa 12, chini ya mstari wa pili, karibu na P, imeandikwa 8, na kwenye A kuna kitao kidogo chenye herufi x.

Hatua ya kwanza ni kuandika mahali pa kila nukta kabla ya kugusa namba yoyote. Mtu akiandika kwamba “mstari PO unalikata duara katika B”, atakuwa ameacha mlango wazi, kwa sababu mstari huo ukirefushwa hulikata duara mara mbili, na msomaji hana njia ya kujua ni makutano gani yanayoitwa B. Sentensi inayofaa ni hii: nukta P, B, O na C ziko katika mstari mmoja ulionyooka kwa mpangilio huo, na B na C ziko juu ya duara. Kutokana na maneno hayo msomaji atajua mwenyewe kwamba BC ni kipenyo.

Pembe nazo zinataka uangalifu wa namna hiyo hiyo. Pale A panakutana mistari mitatu, AP, AO na AC, kwa hiyo kuna pembe tatu tofauti zenye kipeo kimoja, na kuandika “pembe A ni x” hakumsaidii mtu. Inabidi kukifuata kile kitao kwa jicho kutoka mwanzo hadi mwisho na kuona kinaanzia mstari upi na kinaishia upi. Katika picha yetu kinaanzia AO na kuishia AC, kwa hiyo pembe inayotajwa ni OAC. Lau kingeanzia AP na kuishia AC, x ingekuwa PAC, ambayo ni kubwa kuliko OAC kwa nyuzi 90 kamili.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo gumu zaidi katika kazi yote, nalo ni kutenganisha kilichotolewa na kinachoonekana tu. Kamera iliyoshikwa kimshazari hulifanya duara liwe kama yai na pembe mraba ionekane kama nyuzi 80, kwa hiyo umbo lililomo kwenye picha halipimwi kwa rula wala kwa kipimapembe. Kinachoaminiwa ni maneno ya swali na alama zilizochorwa kwa makusudi: kimraba kidogo kwenye kona kwa pembe mraba, vistari vifupi vya idadi sawa juu ya pande zenye urefu sawa, na vichwa vya mishale juu ya mistari sambamba. Kwenye A hakuna kimraba, kwa hiyo hatuandiki miongoni mwa vilivyotolewa kwamba pembe OAP ni nyuzi 90. Tunaandika kwamba PA ni tanjenti inayoligusa duara katika A, na ile pembe mraba msomaji ataipata kwa kanuni. Vivyo hivyo hatuandiki kwamba OA ni sawa na OC, maana hilo linatokana na O kuwa kitovu.

Maelezo kamili basi yanakuwa hivi: “Duara lina kitovu O. Nukta P iko nje ya duara. PA ni tanjenti inayoligusa duara katika A. Nukta P, B, O na C ziko katika mstari mmoja kwa mpangilio huo, B na C zikiwa juu ya duara. Vipande OA na AC vimechorwa. PA = 12, PB = 8, na pembe OAC = x. Vipimo vya urefu havikutajiwa kizio. Tafuta nusukipenyo cha duara na ukubwa wa x.”

Baada ya kuandika, inafaa kulifanya swali kwa kutumia maandishi peke yake, picha ikiwa imefunikwa. Nusukipenyo kikiwa r, PO ni r + 8, na kwa kuwa pembetatu OAP ina pembe mraba kwenye A, tunapata mlinganyo huu:

```
(r + 8)^2 = r^2 + 12^2
16r + 64 = 144
r = 5
```

Pembe AOP ni ya nje kwa pembetatu OAC, ambayo ina pande mbili sawa, kwa hiyo AOP ni 2x. Tanjenti ya pembe AOP ni 12/5, nayo ni karibu nyuzi 67.4, hivyo x ni karibu nyuzi 33.7. Hakuna mahali tulipolazimika kuitazama picha.

Ukaguzi huu husaidia pia pale namba inapokaa mahali pa mashaka. Tuseme ile 8 haieleweki kama ni ya PB, ya PO au ya PC nzima. PO haiwezi kuwa 8, kwa sababu katika pembetatu OAP upande unaoikabili pembe mraba lazima uwe mrefu kuliko PA, ambayo ni 12. PC nayo ni ndefu kuliko PO, kwa hiyo haiwezi. Inabaki PB peke yake. Lakini kama namba ingekuwa 18, hesabu isingetuamulia: PC ikiwa 18, nusukipenyo ni 5, na PO ikiwa 18, nusukipenyo ni karibu 13.4, na yote mawili yanawezekana. Katika hali hiyo mwandishi anairudia picha, na kama bado haisomeki anaandika wazi: “Namba 18 iko chini ya mstari PC, haionekani kama ni urefu wa PO au wa PC.”