Samaki wakipanda bei, mtu ameumia shilingi ngapi?

Nikihesabu hasara ya kaya bei ikipanda, swali la kwanza huwa: hasara kwa kupimia wapi? Chukua mama mmoja wa Igogo, Mwanza, mfano wangu tu, kipato chake 200,000 kwa mwezi, na robo ya hela yake huenda kwenye samaki bei iwe yoyote. Kilo ilikuwa 5,000 ananunua kilo 10, sasa soko la samaki la Mwaloni imekuwa 10,000, ananunua kilo 5.

Wengi watasema mpe 50,000 ili anunue kilo zake 10 kama zamani. Hapo umezidisha, maana huyu mama akishapewa hizo hela hatanunua kilo 10 tena, samaki ni ghali, atapunguza na kuongeza maharage na mboga, mwisho anakuwa na hali nzuri kuliko mwanzo. Fidia halisi ni ile inayomrudisha pale pale kimaridhio, yaani aridhike na maisha kama zamani, kwa bei mpya. Kwa tabia yake hii ya robo unachukua 2 (bei imezidi mara mbili), unatafuta kipeuo cha pili mara mbili, unapata 1.1892, zidisha na 200,000, kwa hiyo anahitaji 237,841. Fidia ni 37,841. Na ukiangalia, akiwa nayo atanunua karibu kilo 6 tu, ila matumizi mengine yatapanda kutoka 150,000 hadi kama 178,000.

Sasa geuza. Bei ibaki 5,000, halafu umkate hela mpaka aumie sawasawa na vile bei ingemuumiza. Gawanya 200,000 kwa 1.1892, inabaki 168,179, yaani umemkata 31,821. Hiki ndicho kipimo cha pili, na ndiyo hela ya juu kabisa ambayo angekubali kutoa ili bei isipande.

Ziada ya mlaji iliyopotea, lile eneo pembeni ya mstari wa mahitaji kati ya bei mbili, ni 50,000 mara logi asilia ya 2, sawa na 34,657. Imekaa katikati. Si bahati: mstari wa kawaida wa mahitaji umechanganya kubadili kitoweo na kuishiwa hela, vile viwili vingine vinashikilia maridhio palepale, kimoja ya zamani kingine ya sasa. Kwa bidhaa ambayo mtu akipata hela huinunua zaidi, bei ikipanda fidia ndiyo kubwa kuliko zote, na kwa bidhaa ambayo watu huikimbia wakipata hela mpangilio unageuka.

Je, tofauti hii inastahili kuhangaikiwa? Kwa chumvi, hapana. Weka asilimia 1 ya kipato badala ya robo, bei izidi mara mbili vilevile: fidia 1,391, ziada 1,386 na kipimo cha pili 1,382. Mwanauchumi Robert Willig alionyesha mwaka 1976 kwamba sehemu ya bidhaa kwenye kipato ikiwa ndogo, ziada inatosha. Ila kwa samaki wa huyu mama tofauti ya fidia na kile kipimo cha pili ni zaidi ya 6,000, na hiyo kwake ni zaidi ya kilo moja kwa bei ya zamani, kwa hiyo ukitoa ripoti sema wazi umepima kipi.