Nywele zikibadilika baada ya kujifungua: mkato unaoanzia panjani

Wiki chache zilizopita alikuja mzazi kwenye karakana yetu ya ususi chuoni, mtoto wa miezi mitano mgongoni, kichwa kimefungwa kitambaa. Alipokifungua, alinionyesha panja kabla ya kusema lolote. Nywele zilikuwa zimenyonyoka pande zote mbili, na mahali pake zimechipua nyingine fupi, laini, zimesimama wima. Utosini zilikuwa zimejikunja kuliko alivyozizoea. Nchani bado kulikuwa na dawa aliyoiweka mimba ikiwa ya miezi saba. Kichwa kimoja, nywele za aina tatu, na chanuo likikwama kila mahali.

Wakati wa ujauzito homoni huzishikilia nywele nyingi zisidondoke kwa wakati wake. Baada ya kujifungua homoni hizo hushuka, na nywele zilizocheleweshwa huanza kudondoka kwa pamoja, mara nyingi kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Zinazoota upya huweza kuwa na mkunjo tofauti, na kwa kuwa ni fupi, hazilali pamoja na zile ndefu. Kwa wazazi wengi hali hutulia kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mkasi hauharakishi hilo wala haunenepeshi nywele, maana unywele hutengenezwa ndani ya ngozi. Kinachoweza kufanywa na mkato ni kupunguza tofauti ya urefu, ili nywele za zamani na mpya zionekane ni za kichwa kimoja.

Kwa hiyo kipimo tulikichukua panjani. Nywele mpya za mama yule zilikuwa na urefu wa sentimita moja na ushee. Tuliziosha kwanza, na zilipolowa tukaona mpaka wa dawa bila taabu: sehemu yenye dawa ililala imenyooka, ya asili ikajikunja. Kisha tukazikausha na kuzichambua kwa chanuo ndipo tukakata. Wengi hukosea hapa. Nywele za kipilipili zikilowa huvutika, zikikauka hunywea. Ukikata zikiwa zimelowa, mteja ataondoka na nywele fupi kuliko alizoomba.

Pembeni na kisogoni tulipitisha mashine yenye kitana namba 4, kinachoacha milimita 12 hivi. Anza na kitana kikubwa, kwa sababu kupunguza tena ni rahisi, kurudisha haiwezekani. Utosini tulitumia mkasi, tukaondoa ncha zote zenye dawa na kuacha sentimita nne zikiwa zimevutwa. Nywele za asili zilikuwa zimefika kama sentimita saba, ila alitaka ziwe za kuchanua kwa mkono mmoja. Mwisho tulipita mahali pembeni panapokutana na utosi kwa mkasi juu ya kitana, pasionekane ngazi.

Jambo moja nililikataa, ingawa kinyozi wa mtaani atakufanyia bila kuuliza: kuchonga laini kwenye paji na panja. Wembe utaondoa nywele changa zile zile tunazozisubiri, na zikichipua tena utaona kivuli kinachodai kuchongwa kila baada ya wiki mbili. Mzazi hana wiki mbili hizo. Kuweka dawa upya ili nywele "zifanane" nako kusubiri, na vivyo hivyo misuko ya kuvuta kwenye panja, kwani nywele zinazoanza kuota hazihimili mvuto.

Asubuhi kazi yake sasa ni kunyunyizia maji, kupaka mafuta kidogo viganjani na kuyapitisha kichwani, kisha chanuo. Dakika tatu, mtoto akiwa begani.

Nywele zinapoendelea kudondoka, kagua soksi na vidole vya mtoto. Unywele mmoja wa mama unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, ukakaza na kuzuia damu. Mtoto akilia bila sababu inayoonekana, mvue soksi uangalie. Kidole kikiwa kimevimba au kubadilika rangi na unywele hautoki kirahisi, mpeleke hospitali mara moja.

Wewe mwenyewe nenda kituo cha afya ukiona mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, magamba au usaha kichwani, au nywele zikiendelea kunyonyoka mtoto akiwa amevuka mwaka. Usisubiri mwaka ikiwa unyonyokaji unaambatana na uchovu mkubwa, moyo kwenda mbio au kizunguzungu, hasa kama ulipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Huenda ni upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo, na vipimo vya damu husaidia kulijua.

Mama yule nimempa miadi baada ya wiki nane. Kwa kawaida nywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo tutapima panja tena kabla ya kuchagua kitana cha mashine.