Prim si msafiri: dhana potofu kuhusu mti wa gharama ndogo

Wiki jana kijana mmoja hapa Lamu aliniletea mchoro wa mabomba wenye kosa lile lile ninalolisahihisha kila muhula: eti Prim, mbinu ya kupata mti wa gharama ndogo, yaani kuunganisha vituo vyote bila mzunguko kwa jumla ndogo kabisa ya bei, hutoka kituo kimoja hadi jirani wa bei nafuu, kisha kutoka kwa huyo jirani hutafuta mwingine, hadi vituo viishe.

Hapana! Huyo ni msafiri, si Prim. Prim hutazama vituo vyote vilivyokwisha kuunganishwa, kisha, kati ya kingo, yaani viungo vya kituo na kituo, zinazotoka humo kwenda kwa wasiounganishwa bado, huchukua ya bei nafuu kuliko zote. Aliyeingia mwisho hana upendeleo wowote.

Chukua namba za kufundishia, kwa laki za shilingi: Mjini–Shela 3, Matondoni–Kipungani 5, Mjini–Matondoni 6, Shela–Kipungani 8, na Mjini–Kipungani na Shela–Matondoni 9 kila moja. Kijana wangu alianzia Mjini, akaenda Shela kwa 3. Kwa kuwa sasa "yuko Shela", akachukua Kipungani kwa 8, kisha Matondoni kwa 5. Jumla 16. Prim mwenyewe, baada ya Shela, angeona kwamba Mjini bado ina kingo ya 6 kwenda Matondoni, akaichukua, kisha Kipungani kwa 5. Jumla 14.

Kruskal, mbinu ya pili ya kupata mti huo, haulizi uko wapi hata kidogo. Anapanga kingo zote kwa bei na kuzipitia: 3 inaingia, 5 inaingia, na sasa una vipande viwili visivyogusana, jambo linalowatia watu hofu bure. Kisha 6 inaviunga. Zilizobaki zinaachwa, maana zingefunga mzunguko. Jumla ni 14 vilevile.

Ukitaka kujikagua, rudisha kingo moja uliyoiacha. Itafunga mzunguko. Ikiwa ndani ya mzunguko huo kuna kingo ghali kuliko uliyorudisha, umekosea. Kwenye mchoro wa kijana, rudisha Mjini–Matondoni ya 6: mzunguko una 3, 8, 5 na 6. Ile 8 yapaswa kutoka. Nawaomba wanafunzi wafanye hivi kabla ya kunibishia hodi. Ni wachache wanaofanya.

Kuna dhana nyingine potofu ninazozisikia. "Lazima uanzie mahali sahihi." Anzia Kipungani: 5, 6, 3. Ni mti ule ule. Bei zikilingana miti yaweza kutofautiana, lakini jumla haibadiliki.

"Kruskal ni bora siku zote." Kingo zikiwa chache, ndiyo, namtumia. Karibu kila kituo kikiunganika na kila kingine, kupanga kingo zote ni kazi ya bure. Prim wa jedwali la kawaida humshinda.

"Mti huu unatoa njia fupi." Shela hadi Kipungani kwenye mti wetu ni 3+6+5, yaani 14, ilhali kingo ya moja kwa moja ni 8. Anayetaka njia fupi amtafute Dijkstra.