Je, wajua kwa nini rufaa haimzuii dalali wa mahakama?

"Nimeshakata rufaa Mahakama Kuu hapa Dodoma, mbona dalali bado anakuja kukamata lori langu?"

Anakuja kwa sababu hukumu bado ni hai. Nami nilipokuwa chuoni niliamini kinyume chake, nikaandika kwenye mtihani kwamba kesi ikishakwenda juu, mshindi hukaa kusubiri. Nilikosa alama zote za swali lile. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 39, kanuni ya 5, inasema wazi: kukata rufaa peke yake hakusimamishi kukazia hukumu, yaani kuitekeleza.

Fikiria mzani wa soko la Kibaigwa. Gunia limepimwa, bei imeandikwa, mnunuzi analalamika kwamba mzani ni mbovu. Malalamiko yake yatasikilizwa, lakini mwenye mahindi haambiwi arudi nyumbani mikono mitupu hadi fundi aje. Mzani ukionekana mbovu, fedha zitarudi. Anayetaka malipo yasubiri aombe hivyo, na aweke kitu mezani.

Kitu hicho ndicho wengi wanakisahau. Tuseme mwenye mashine ya alizeti ameamriwa na Mahakama ya Wilaya amlipe mkulima shilingi milioni 60. Ana siku 90 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na anakata mapema, siku ya 20. Mkulima anaomba kukazia hukumu, lori linakamatwa. Mwenye mashine sasa lazima alete ombi jingine, la kusimamisha utekelezaji, lenye kiapo chake. Mahakama itaangalia mambo matatu: je, atapata hasara kubwa, ameomba bila kuchelewa, na ametoa dhamana ya kulipa endapo atashindwa?

Hasara ndiyo inayowaangusha wengi. Kusema "lori litauzwa" hakutoshi, maana kila hukumu ya fedha inauma. Lakini akionyesha kwa ushahidi kwamba mkulima hana mali ya kurudishia milioni 60 rufaa ikifaulu, hoja inapata miguu. Hata hapo kila ombi hupimwa kwa mazingira yake, kwa hiyo sithubutu kumwahidi mtu ushindi.

Muda nao una ukatili wake. Lori likishapigwa mnada na fedha zikalipwa, hakuna tena cha kusimamisha. Kilichobaki ni kushinda rufaa, kisha kudai kurudishiwa.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba hata mahakama iliyotoa hukumu inaweza kuisimamisha, mradi ombi lifike kabla muda wa kukata rufaa haujaisha. Hakimu aliyetoa hukumu dhidi yako asubuhi unaweza kumwomba mchana akuonee huruma kidogo. Mahakama ya Rufani ina kanuni zake: ombi la kusimamisha lifike ndani ya siku 14 tangu mdaiwa apate taarifa ya kukaziwa hukumu.