Tumbo la chini linauma, una homa na uchafu ukeni: kwa nini usingoje

Swali: Dokta, nina miaka 26. Leo ni siku ya nne tumbo la chini linauma pande zote mbili, nina homa, na uchafu ukeni umekuwa wa njano wenye harufu. Nilimeza dawa za yutiai zilizobaki nyumbani, homa ikashuka. Bado kuna haja ya kwenda hospitali?

Jibu: Nenda leo. Dawa hizo huenda zimewapunguza bakteria bila kuwamaliza. Dalili hizo tatu zikija pamoja, tunashuku kwanza maambukizi yaliyopanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye kizazi na mirija. Klamidia na kisonono ni visababishi vikubwa, ingawa si vya pekee.

Utaanza na kipimo cha mimba, hata ukiwa na uhakika huna. Mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huuma hapo hapo, na inaweza kuua. Kisha daktari atakupima kwa vidole ukeni. Akisogeza mlango wa kizazi kidogo tu ukaumia sana, hiyo inatosha kuanzisha dawa bila kungoja maabara. Hata majibu yakirudi safi, hayaondoi ugonjwa huu.

Swali: Nikingoja hadi wiki ijayo itabadilisha nini?

Jibu: Mirija. Ndani yake kuna vinyweleo vidogo mno vinavyolisukuma yai kuelekea kwenye kizazi. Uvimbe wa maambukizi huviharibu, kuta zikashikana, kovu likabaki. Antibaiotiki huua bakteria lakini haifuti kovu. Mrija ukiziba kabisa, mbegu na yai havikutani. Ukiziba nusu, mimba inaweza kunasa humo humo. Utafiti uliochapishwa 1993 ulionyesha kwamba waliochelewa kutibiwa kwa zaidi ya siku 3 tangu dalili zianze walipata matatizo hayo takriban mara tatu zaidi. Wewe umeshapita hapo, ndiyo maana nasema leo. Ugonjwa ukijirudia, hatari hupanda tena.

Swali: Nitapewa dawa gani, na mume wangu anahusikaje?

Jibu: Kwa kawaida ni sindano moja ya seftriaksoni, halafu doksisaiklini na metronidazoli mara mbili kwa siku, siku 14. Wengi huacha siku ya tano maumivu yakiisha, na hapo ndipo tunaharibu. Ukiwa mjamzito dawa hubadilishwa na utalazwa.

Mumeo atibiwe hata kama hana dalili, maana klamidia hukaa kimya kwa wanaume wengi. Msikutane kimwili mpaka wote mmalize dawa.

Ndani ya siku 3 uwe umepata nafuu inayoonekana. Usipopata, au ukitapika dawa, rudi: huenda kuna jipu kwenye mrija, na hilo linahitaji ultrasaundi na dawa za mshipani. Na siku utakayokosa hedhi baadaye, pima mimba mapema, kisha ultrasaundi ihakikishe imetunga ndani ya kizazi.